Kava leta ya kuhamia Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sababu ya kuhama na kibali cha kazi

Nimeandika haya kwa sababu kila wiki napata meseji inboksi kutoka kwa watu wa nyumbani wanaohamia huku, wengi wanamfuata mume au mke aliyetangulia, na swali linarudi lilelile: hivi kwenye barua ya maombi niseme nini kuhusu kuhama na viza? Mimi ni mhasibu, nilikuwa Mwanza, mume wangu ni nesi, alitangulia Leeds mwaka 2024 na mimi na watoto tukamfuata Septemba 2025. Kwa hiyo mfano mkubwa hapa ni wangu mwenyewe, na sheria nilizotaja ni za Uingereza. Nchi nyingine zina taratibu zao.

Kwani lazima niseme habari za viza kwenye barua? Si wataniuliza kwenye usaili?

Usaili hutaufikia, hapo ndo tatizo. Jiweke kwenye kiti cha yule dada wa ajira, ana maombi mengi mezani, anafungua lako anaona namba inaanza na +255, anwani Mwanza, kazi zote ulizofanya ni Tanzania. Kichwani mwake linakuja swali moja tu, huyu anaruhusiwa kufanya kazi hapa au sisi ndo tutamtafutia viza? Kama barua haijamjibu hatakupigia simu kukuuliza, anafunga anaenda kwa mwingine.

Na wala sio roho mbaya. Tangu tarehe 13 Februari 2024 mwajiri akikutwa amemwajiri mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi anaweza kupigwa faini hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na akirudia inafika hadi 60,000. Zamani ilikuwa 15,000 na 20,000. Kampuni yenye watu kumi na mbili ikipigwa hiyo faini inaweza kufungwa kabisa. Kwa hiyo wanaogopa, na barua yako kazi yake ya kwanza ni kumtoa huo woga kabla hajasoma hata sifa zako.

Niandike sentensi ngapi kuhusu kuhama?

Tatu, zikizidi nne. Ziwe na vitu vinne: unahamia mji gani na lini, ruhusa yako ya kazi ikoje na inaisha lini, kampuni inatakiwa ifanye nini au isifanye nini, na siku gani unaweza kuanza. Basi. Historia ya ndoa, ada za viza, jinsi ulivyohangaika, hayo yote yaache.

Naomba mfano basi, maneno yenyewe.

Sawa, naanza na ile mbaya ili muone kosa. Barua zangu za mwanzo nilituma kumi na tisa kutokea Mwanza, hakuna hata moja iliyojibiwa na mtu, zile mbili tatu zilizorudi ni majibu ya mashine. Ilikuwa imeandikwa Kiingereza lakini mtindo ulikuwa uleule tuliofundishwa shule, nikiitafsiri inasomeka hivi:

> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Natarajia kuja Uingereza kuungana na mume wangu hivi karibuni, Mungu akipenda, hivyo naomba nafasi ya kazi katika kampuni yako tukufu. Nitashukuru sana kama nitasaidiwa kuhusu taratibu za kibali.

Isome kama mwajiri sasa. "Hivi karibuni" ni lini? Kibali ninacho au sina? Na ile sentensi ya mwisho ndo iliniua kabisa, kwa sababu nilikuwa naiandika kwa heshima tu, nikimaanisha wanielekeze nilete karatasi gani, lakini kwa mwajiri wa huku neno kusaidiwa kibali maana yake ni moja tu, huyu anataka sponsa, yaani kampuni imdhamini ndo apate viza. Wakati mimi sponsa sikuhitaji hata kidogo! Viza ilikuwa imeshatoka, imekaa kwenye imeili yangu.

Mume wangu ndo aliisoma usiku mmoja kwenye simu akaniambia mama fulani hapa umejifunga mwenyewe. Tukaandika upya:

> Ninahamia Leeds na familia yangu mwanzoni mwa Septemba 2025. Tayari nina viza inayoniruhusu kumfanyia kazi mwajiri yeyote Uingereza hadi Agosti 2027, kwa hiyo sihitaji udhamini na kampuni haitakuwa na gharama yoyote ya uhamiaji kwa ajili yangu. Naweza kuanza kazi Jumatatu tarehe 22 Septemba, na kabla ya hapo nipo tayari kwa usaili wa video kutokea Tanzania.

Nilituma sita za namna hii, nikapigiwa simu mbili. Yule wa kwanza alinisomea ile sentensi ya viza nilivyoiandika, akaniuliza nathibitisha? Nikasema ndio. Akasema haya tuongelee kazi. Dakika ishirini zilizobaki hakugusa tena uhamiaji, tuliongea mahesabu tu.

Hiyo aya inakaa wapi, juu au chini?

Mimi naiweka ya pili. Ya kwanza iseme kazi unayoomba na kitu kimoja kikubwa ulichofanya kinachofanana nayo, halafu ndo kuhama na viza, halafu sasa unaendelea na uzoefu wako kwa utulivu. Ukianza na viza unaonekana shida yako ni viza, na ukiiweka mwisho kabisa kuna wengi hawafiki huko.

Rudia kwa ufupi juu kwenye sivii pia, chini ya jina lako, pale pa anwani: "Mwanza, Tanzania, nahamia Leeds Septemba 2025, naruhusiwa kufanya kazi Uingereza". Maana kuna kampuni sivii inasomwa na mtu mmoja na barua haifunguliwi kabisa.

Mimi nakuja kama mke au mume wa mwenye viza ya kazi. Nina uhakika gani kwamba naruhusiwa kufanya kazi yoyote?

Ukiwa mwenza wa mtu mwenye `Skilled Worker` au `Health and Care Worker`, unaruhusiwa kufanya karibu kazi zote, kuajiriwa au kujiajiri, isipokuwa kuwa mwanamichezo wa kulipwa au kocha wake. Huhitaji sponsa. Ila viza yako haizidi ya mwenzako, yake ikiisha na yako inaisha, mnaomba upya pamoja. Ndo maana nasisitiza uandike mwezi na mwaka inapoishia, mwajiri anaona huna cha kumficha.

Angalizo kwa wanaomfuata mtu anayefanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani: walioomba hizo viza kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta familia. Lakini manesi bado wanaruhusiwa. Nimeona watu wanaandika barua za kazi kabla hata hawajajua mwenzao yupo kundi gani, halafu safari haipo, inauma sana. Jueni hilo kwanza.

Na huna ulazima wa kuandika "mimi ni tegemezi wa mume wangu". Neno tegemezi lina maana yake kwa watu wa uhamiaji, lakini kwenye barua ya kazi halikusaidii kitu. Mwajiri anachotaka kujua ni unaruhusiwa nini na mpaka lini.

Kuna fomu za mtandaoni zinauliza "unahitaji udhamini sasa au baadaye?" Nijibu nini?

Kama ni mwenza kama mimi, jibu ni hapana, na ni jibu la kweli. Najua wengi wanasita kwenye lile neno "baadaye", wanafikiria viza yangu ina mwisho, basi ngoja niweke ndio ili niwe mkweli, na fomu inawatupa nje hapohapo. Swali linahusu kama kampuni itabidi ikudhamini, halihusu kama viza yako ina tarehe ya mwisho. Utakapoongeza muda utaongeza kupitia mwenzako, kampuni haimo.

Kama una viza ya mwanafunzi au ya baada ya masomo inayoitwa `Graduate`, hapo jibu ni tofauti. Hiyo `Graduate` ni miaka 2 kwa wenye digrii na masta, na wanaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapata miezi 18. Sasa hivi huhitaji udhamini, lakini ukitaka kubaki baada ya hapo kwa njia ya kazi utauhitaji. Jibu ndio, halafu kwenye barua ueleze: "Naruhusiwa kufanya kazi bila udhamini hadi mwezi fulani." Usidanganye kwenye hili, wataliangalia kabla hujaanza na ofa itafutwa.

Viza yangu haijatoka bado. Niombe kazi au nisubiri?

Omba, ila andika ulipofikia, usiandike unapotamani kufika. Kuna tofauti kubwa kati ya "nipo kwenye mchakato wa viza" na "niliwasilisha maombi tarehe 3 Julai, alama za vidole nilitoa tarehe 9, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3". Sentensi ya kwanza kila mtu anaiandika, hata ambaye hajafungua fomu. Ya pili inaonyesha mtu ambaye mambo yake yanaenda.

Tarehe ya kuanza usiiweke kama ahadi, sema "nikipata majibu kwa muda wa kawaida naweza kuanza katikati ya Septemba". Siku viza inatoka waandikie imeili fupi wote uliowaombea na hawajakujibu, mistari miwili tu, viza imetoka, inaisha lini, naanza lini.

Na kama hujafanya hata kipimo cha TB, ambacho sisi wa Tanzania na Kenya tunadaiwa tukija kwa zaidi ya miezi 6, basi bado ni mapema. Cheti chake kinadumu miezi 6 tu kwa hiyo kipange na tarehe ya kuomba viza.

Mimi sina mwenza huko, nahitaji sponsa kweli. Barua yangu iandikweje?

Hapa nitakuwa muwazi, ni ngumu zaidi na imekuwa ngumu zaidi tangu tarehe 22 Julai 2025. Kuanzia siku hiyo kazi nyingi za kudhaminiwa lazima ziwe za ngazi ya digrii, mbali ya chache zilizoorodheshwa kwa muda, na kima cha kawaida cha mshahara kwa `Skilled Worker` ni pauni 41,700 kwa mwaka au kiwango cha kazi yenyewe, kipi kikubwa. Kuna punguzo kwa baadhi, kama vijana wanaoanza kazi, na kazi za afya zina viwango vyao.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, fanya vitu viwili. Angalia kama hiyo kampuni ina leseni ya kudhamini, serikali inaweka orodha yote wazi kwenye `gov.uk`, unapakua faili unatafuta jina. Halafu angalia mshahara kwenye tangazo. Kama tangazo ni pauni 29,000 na kima ni 41,700, hakuna barua duniani itakayoziba hiyo tofauti, usipoteze jioni yako.

Vikikubali vyote viwili, basi sema hivi bila kuzungukazunguka:

> Nitahitaji udhamini wa viza ya Skilled Worker. Nimeona kampuni yenu ipo kwenye orodha ya wadhamini wenye leseni, na kazi hii pamoja na mshahara uliotangazwa vinafikia vigezo. Nipo Mwanza kwa sasa na naweza kuhama ndani ya wiki 8 baada ya kupata cheti cha udhamini.

Umemwonyesha kwamba kazi ya kuangalia vigezo umeshamfanyia. Ila kumbuka kampuni inalipia cheti, na juu yake kuna tozo ya serikali ambayo kwa kampuni kubwa inazidi pauni 1,000 kwa kila mwaka wa viza, kwa hiyo aya zako nyingine lazima zionyeshe kwa nini wewe na sio mtu aliyeko Manchester tayari. Usijitolee kulipa hizo gharama zao kwenye barua ukidhani unawarahisishia! Ile tozo kampuni hairuhusiwi kumtupia mfanyakazi, na mwajiri anayejua sheria akisoma hivyo anashtuka.

Nimejibiwa nimepata kazi ila natakiwa nitume hela ya cheti cha udhamini. Ni kawaida?

Hapana. Usitume. Cheti cha udhamini hakiuzwi, kampuni ndo inakilipia serikalini. Kuna dada tunasali naye alilipa kwa ajenti hela aliyopata baada ya kuuza kiwanja cha mama yake, akapewa karatasi yenye nembo nzuri, alipofika kwenye maombi ikaonekana namba ya cheti haipo. Mpaka leo hajapata hata shilingi. Ukiombwa hela angalia kwanza jina la kampuni kwenye ile orodha, halafu piga simu ya kampuni uliyoipata kwenye tovuti yao, usipige ile iliyo kwenye barua uliyotumiwa.

Sababu ya kuhama niseme nini? Ukweli ni maisha tu.

Sentensi moja inatosha, na iwe inayomfanya mwajiri aone utakaa. "Nahamia na familia yangu, mwenzangu anafanya kazi Leeds" inatosha kabisa, ina jibu la kwa nini Leeds na kwa nini hutaondoka baada ya miezi mitatu. Usiandike mishahara ya nyumbani ni midogo, usiseme vibaya ofisi uliyotoka. Na usiseme "nipo tayari kwenda mji wowote kufanya kazi yoyote", sisi tunaona ni unyenyekevu, wao wanasoma mtu asiyejua anataka nini.

Umri, dini, hali ya ndoa, picha, namba ya pasipoti, niweke?

Toa vyote. Huku hawaombi, na umri, dini na ndoa ni vitu vinavyolindwa na sheria ya usawa ya mwaka 2010, wengi hawataki hata kuviona. Namba ya pasipoti na nakala ya viza usitume kwa mtu ambaye hujawahi kuongea naye.

Sasa watathibitishaje kwamba naruhusiwa?

Kwa namba maalumu ya mtandaoni. Siku hizi viza ni ya kielektroniki, `eVisa`, unaiona kwenye akaunti yako ya `UKVI`, idara ya viza ya Uingereza. Ukishapewa ofa unaingia humo unachagua kuthibitisha ruhusa ya kazi, inakupa hiyo namba, `share code`, yenye herufi na tarakimu jumla 9, inayoanza na W, inadumu siku 90. Mwajiri anaiingiza kwenye `gov.uk` pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, anaona picha yako, unaruhusiwa nini na hadi lini. Lazima afanye hivyo kabla ya siku yako ya kwanza kazini.

Kwenye barua usiiandike, sema tu "nitatoa uthibitisho wa ruhusa ya kazi nikipewa ofa". Hakikisha jina kwenye barua ni lile lililoko kwenye pasipoti. Mimi barua ilikuwa na jina la mume na pasipoti ina la baba, ikabidi nieleze kwenye simu, dakika tano za bure.

Uzoefu wangu ni wa Tanzania tu, nauelezaje ili wauelewe?

Hii ni aya ya tatu na nisingeipita haraka. Mtu wa Leeds hajui NBAA ni nini. Niliandika "CPA(T), cheti cha bodi ya taifa ya wahasibu Tanzania", halafu nikaweka kazi kwa maumbo anayoyajua: niliandaa ritani za VAT kila mwezi kwa kampuni tatu, nilifunga hesabu za mwezi, nilitumia `QuickBooks`. Nikaongeza kwamba mahesabu ya mwisho wa mwaka nimeyaandaa kwa IFRS, viwango vya kimataifa vya uhasibu, na nimeanza kusoma `FRS 102`, kiwango cha Uingereza ambacho kampuni nyingi binafsi za huku zinatumia. VAT ya huku ni asilimia 20 na ya kwetu bara 18, lakini kazi ya kulinganisha risiti na leja ni ileile, na nikasema hivyo. Kwenye usaili waliniuliza swali moja tu la hiyo FRS.

Kazi ya uhasibu wa kuajiriwa huku haidai usajili wa serikali. Ukiwa nesi, daktari au mwalimu lazima utaje usajili wako umefikia wapi, sentensi hiyo kwako ina uzito sawa na ya viza.

Saa za usaili?

Andika kwenye barua tofauti ya saa, inaonyesha umefikiria. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba tunawatangulia saa 2, miezi mingine saa 3. Wakikwambia saa 10:00 asubuhi yao mwezi wa nane, Mwanza ni saa sita mchana. Mimi niliandika kwenye karatasi kwa saa zetu za Kiswahili nikaibandika ukutani juu ya meza, na nikamwomba jirani asiwashe mashine ya kusaga mpaka saa saba.

Sina namba ya bima ya taifa bado, nitaje?

Usitaje. Unaweza kuanza kazi bila hiyo ilimradi ruhusa ya kazi imethibitishwa, namba unaiomba ukishafika Uingereza na mwajiri unampa ikitoka.